Kikombe Kidogo, Mteja wa Saa Nzima

Anayeshuka bandarini Malindi na kuingia kwa miguu ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja atapotea mara mbili tatu kabla hajafika Jaws Corner, na wala hakuna ubaya, maana vichochoro vile havijui haraka ya mtu. Njia panda yenyewe ni ndogo. Mabaraza yamezunguka kuta, kuna mchoro wa papa, televisheni ya usiku wa mpira, dhumna zinazogongwa mezani kwa hasira za kujifanya, na muuza kahawa aliyekaa na dele lake juu ya makaa. Jina, inavyosemwa, limetokana na ile filamu ya papa ya mwaka 1975. Wageni hupiga picha wakaenda zao. Mimi naona pale kuna jambo linalostahili kutazamwa zaidi ya picha, nalo ni kazi ya yule mwenye dele. Tuna ndugu na marafiki ambao ukiwafungia chumbani na kompyuta au cherehani huugua. Hawa ni watu wa watu. Wasipoongea na binadamu thelathini kwa siku huona siku imepotea. Wakiuliza wafungue biashara gani, huambiwa wakatafute penye watu wengi. Makala haya yanafuata njia ya kahawa kutoka Unguja hadi Dar es Salaam na kuishia Mombasa, ili kuonyesha kwamba ushauri huo ni nusu tu ya jibu, na nusu iliyobaki ndiyo inayomwangusha mtu.

Tuanze na biashara zinazosifiwa kwa wingi wa watu. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, kibanda cha wakala kimekuwa ndilo pendekezo la kwanza kwa kijana mchangamfu. Ni kweli wakala huona watu wengi kutwa. Lakini tazama anawaonaje. Mteja anainama kwenye kidirisha chenye nondo, anataja namba, anatoa kitambulisho, anasubiri ujumbe, anahesabu noti na kuondoka, na wakati wote huo wakala anatazama simu kwa sababu tarakimu moja ikikosewa hasara ni yake. Mazungumzo yenyewe hayatakiwi. Anayekaa karibu na kibanda cha pesa akipiga soga hutiliwa shaka. Konda wa daladala naye huona mamia, ila kazi yake kwao ni kuwasogeza nyuma na kudai nauli. Hawa wawili wana umati, hawana wenzi. Mtu anayechukia upweke akiingia humo atashangaa, baada ya miezi mitatu, mbona anarudi nyumbani amechoka na watu lakini bado ana kiu ya kuongea.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu vichwa, nashauri mtu ahesabu dakika: mteja wa biashara hii hukaa nami muda gani, na je, kukaa kwake kunaniongezea pato au kunanizuilia kazi? Kwa wakala, mteja anayekaa anaziba kidirisha. Kwa konda, anayeongea anachelewesha safari. Kwa muuza kahawa wa barazani, mteja anayekaa ndiye biashara yenyewe. Kikombe cha kahawa chungu, kile kifinjani kisicho na mkono, hubeba kama mililita 50 tu. Hakuna anayetoka kwake akavuka mitaa miwili ili apate mafunda manne ya kahawa ambayo angeweza kuichemsha jikoni. Anakuja kukaa, na kikombe ni kodi ya kiti. Ndiyo maana kikombe ni kidogo: kinaisha mapema, mazungumzo hayajaisha, na adabu inamtaka mtu aliyekaa na kifinjani kitupu aongeze kingine. Aliyebuni kipimo hicho, hata awe nani, alijua biashara.

Sasa tuishike kazi yenyewe kwa mikono, maana wachangamfu wengi hupenda picha ya baraza bila kujua yaliyo nyuma yake. Kahawa huanzia kwenye buni mbichi. Buni hukaangwa kwenye kikaango kikavu au chungu, moto wa wastani, kwa muda wa kama dakika 15 hadi 20, na mwiko hautakiwi kusimama hata kidogo, kwa sababu punje zilizolala chini zitaungua huku za juu zikiwa bado na rangi ya majani makavu. Katikati ya safari hiyo punje huanza kulia, tatatata, kama mahindi ya bisi yaliyokosa nguvu. Baada ya mlio huo ndipo umakini unapohitajika: rangi inakimbia kutoka hudhurungi kwenda nyeusi ndani ya dakika chache. Punje zikianza kung'aa mafuta na moshi ukawa mzito wa samawati, tayari umepitiliza, na kahawa hiyo itakuwa na uchungu wa majivu ambao hakuna iliki itakayouficha. Wateja hawatasema kitu. Wataacha robo ya kikombe. Vikombe vinavyorudi na kahawa ndani ndivyo vinavyokwambia ukweli ambao midomo imekuonea haya.

Kilo moja ya buni ikikaangwa kwa kiwango cha kijiweni hupungua kwa takriban gramu 150 hadi 200, kwa hiyo anayepiga hesabu ya faida kwa bei ya buni mbichi tayari amejidanganya. Kinachofuata ni kutwanga au kusaga. Unga ukiwa laini kupita kiasi hautulii chini. Utaelea na kuingia midomoni mwa watu. Ukiwa chenga, kahawa inakuwa maji. Dele la lita 3 linataka unga wa kama gramu 180, tangawizi iliyopondwa, na iliki kwa anayependa. Maji yakichemka unga hutiwa, linaachwa lipande povu mara mbili tatu, kisha linashushwa na kuwekwa juu ya makaa machache ya kulipasha joto tu. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Dele likiendelea kutokota kutoka saa kumi jioni hadi usiku, kikombe cha kwanza na cha mwisho havitafanana, na mteja wa saa mbili usiku atakunywa dawa. Makaa mawili matatu yaliyofunikwa majivu yanatosha. Ukitoa machicha yanayobaki chini na maji yaliyopotea kwa mvuke, dele hilo hutoa vikombe kama 50.

Vikombe 50 ndiyo namba ya kushika. Tuchukue mfano wa mtu mmoja, na bei nitakazotaja ni za kupigia hesabu tu. Kila mmoja aweke za mtaa wake. Kikombe ni shilingi 200, kwa hiyo dele moja ni shilingi 10,000. Gramu 220 za buni mbichi, ambazo zikikaangwa zinatoa ule unga wa dele moja, kwa bei ya shilingi 12,000 kwa kilo ni kama 2,600. Tangawizi, iliki, mkaa na maji tuziweke pamoja 1,900. Gharama ni 4,500, na kinachobaki ni 5,500. Je, baraza moja linaweza kumaliza madele mangapi? Jibu halitegemei ucheshi wa muuzaji. Linategemea viti. Baraza la watu 12, kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, kila nafasi ikikaliwa na watu wawili kwa zamu, hupokea watu 24. Kila mmoja akinywa vikombe viwili ni vikombe 48. Dele moja. Saa nne za raha kamili ya mtu anayependa watu zimemletea shilingi 5,500, na hata angekuwa na ulimi wa asali kiasi gani, baraza halitanuki. Wanaoziona biashara za vijiweni kuwa za kimaskini wana hoja hapa, na sitaki kuizunguka. Kama mtu anategemea baraza peke yake, hesabu haimbebi.

Jibu la hoja hiyo liko ng'ambo ya bahari, saa mbili hivi kwa boti. Ukiwa Dar es Salaam, ingia Kariakoo saa kumi na mbili asubuhi, wakati mizigo inashushwa na maduka hayajafunguliwa yote. Muuza kahawa wa hapo hakai. Anatembea na birika lenye jiko dogo la makaa chini yake mkono mmoja, na mkono mwingine vikombe vinavyogongana, klin klin, mlio ambao kuli aliyebeba gunia huusikia kabla hajamwona mtu. Mteja hapa anakunywa amesimama, dakika mbili tatu, mzigo umeegeshwa ukutani. Anasema neno moja la mpira, anapokea chenji, anaondoka. Kwa kipimo changu cha dakika, hii ni biashara ya aina ya wakala: vichwa vingi, ukaaji mfupi. Lakini ina kitu ambacho wakala hana. Muuzaji anamtazama mtu usoni, na atamkuta tena kesho mahali palepale, saa ileile. Ndani ya mwezi anajua nani hunywa bila tangawizi na nani amefiwa. Madele mawili huisha kwa saa tatu, na hayo ni shilingi 11,000 katika mfano wetu, mara mbili ya baraza, kwa muda mfupi zaidi.

Hoja yangu basi ni hii: mtu wa watu asichague kati ya umati na wenzi, achague biashara inayoweza kuwa na vyote viwili kwa saa tofauti, kwa vyombo vilevile na ujuzi uleule. Asubuhi atembeze penye kazi, jioni akae penye mapumziko. Mtu huyohuyo wa Unguja anaweza kuzunguka sokoni Darajani asubuhi na kukaa barazani jioni. Madele matatu kwa siku yanampa shilingi 16,500, na akiweka sinia la kashata vipande 60 kwa shilingi 100 kila kimoja, akibakiwa na 2,500 baada ya kumlipa aliyezipika, amefika 19,000. Muhimu zaidi, asubuhi inailisha jioni. Kuli au mwenye duka aliyezoea sura yake sokoni ndiye atakayemfuata barazani siku asiyo na pa kwenda, na kijiwe kinachopata damu mpya hakigeuki kuwa wazee wanane wanaobishana jambo moja tangu mwaka jana.

Kuna atakayesema kwamba ucheshi ndio utakaomfilisi. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na nimeiona ikipuuzwa katika kila mazungumzo ya biashara za watu wachangamfu. Mtu anayependa watu hajui kusema hapana. Atamwandikia huyu deni, atampa yule kikombe cha bure kwa sababu amesimulia jambo la kuchekesha. Rudi kwenye dele la jioni. Tuseme katika vikombe 50, vinane ni vya mkopo usiolipwa na vinne ni takrima. Vikombe 12 vinaonekana kidogo, kama robo ya dele. Lakini thamani yake ni shilingi 2,400, na faida yote ilikuwa 5,500. Kwa hiyo robo ya dele imeondoka na karibu nusu ya faida, kwa sababu buni, mkaa na tangawizi vililipiwa vyote bila kujali nani amekunywa. Wala huwezi kuliona hilo ukitazama pesa mfukoni, maana pesa ipo, ila imepungua.

Dawa yake ni ule ujuzi wa vikombe 50. Kila dele likiisha, kabla ya kuwasha jingine, pesa ya dele hilo inahesabiwa peke yake. Ikiwa 10,000 haikufika, upungufu ni deni, takrima, au kikombe kilichojazwa kupita kipimo, na muuzaji anatakiwa ajue ni kipi kati ya hivyo siku hiyohiyo, watu wakiwa bado wamekaa. Anayechanganya pesa za madele matatu kwenye mfuko mmoja hatajua kamwe. Takrima yenyewe siipigi marufuku. Baraza bila takrima linanuka ubahili, na watu wa pwani hawasamehi hilo. Naipa kikomo: vikombe viwili kwa dele, viingizwe kwenye gharama pamoja na mkaa. Deni ndilo lisionewe huruma. Mwenye deni la vikombe kumi hukwepa baraza kwa aibu, na hapo umempoteza mara mbili, pesa na mwili uliokuwa ukikalia kiti.

Hoja nyingine ni kwamba hata kazi hii ina upweke wake, ule wa alfajiri wa kukaanga, kutwanga na kuwasha jiko. Ni kweli, na kila biashara ya watu ina chumba chake cha nyuma. Mama lishe unayemwona akicheka na madereva mchana alikuwa akimenya vitunguu peke yake saa kumi alfajiri. Tofauti ni kama kazi ya nyuma inaweza kukusanywa siku moja na kutolewa nje. Wali hauwezi kupikwa Jumapili ukauzwa Alhamisi. Buni inaweza. Madele matatu kwa siku, siku sita, yanataka kilo 4 hivi za buni mbichi. Ukikaanga nusu kilo kwa mkupuo, ni mikupuo minane ya dakika 20, chini ya saa tatu kwa wiki nzima, na ikikaangwa uani au mbele ya nyumba, harufu yake italeta majirani bila mwaliko. Punje nzima zilizokaangwa hutunza ladha vizuri kwa wiki. Unga ndio unaochakaa upesi, kwa hiyo husagwa wa siku mbili tu. Kashata nazo apewe anayejua kuzipika. Faida hupungua kidogo, lakini mtu anayechukia kufanya kazi peke yake anapata mshirika wa kubishana naye juu ya sukari kila asubuhi.

Mengine nitayapita haraka. Kijiwe ni mahali pa siasa, na pale Unguja mabaraza mengine yanajulikana kwa vyama vyake. Muuzaji anaruhusiwa kuwa na chama, haruhusiwi kuwa nacho akiwa na dele mkononi. Mwezi wa Ramadhani mchana hakuna biashara, na soko lote huhamia baada ya tarawehe, kwa hiyo lazima ratiba igeuzwe mapema. Masika hulowesha mabaraza yasiyo na paa. Na usafi: ile ndoo moja ya maji ambamo vikombe vyote huchovywa na kurudishwa ndiyo aibu ya kazi hii. Kipindupindu kikizuka, vyakula na vinywaji vya wazi ndivyo huwa vya kwanza kupigwa marufuku, na hapo wasafi na wachafu hufungiwa pamoja. Ndoo yenye bomba la kufungulia maji, sabuni, na vikombe vya akiba vya kutosha ili kila kimoja kipate muda wa kuoshwa kweli, ni gharama ndogo kuliko wiki mbili bila kazi.

Suala la mahali, hata hivyo, siwezi kulipita haraka, kwa sababu ndilo linaloamua kama ukaaji utakuwepo. Mwishoni mwa mwaka 2018 wafanyabiashara wadogo Tanzania walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, na wengi wakadhani sasa wamepata haki ya kukaa popote. Oktoba 2021 Dar es Salaam iliwaondoa wamachinga kando ya barabara na kuwapeleka katika maeneo yaliyotengwa. Aliyekuwa akiuza viatu alihama na viatu vyake. Aliyekuwa na kijiwe hakuweza kuhamisha kijiwe, kwa maana benchi linabebeka lakini mazoea hayabebeki. Waliokuwa wakikaa pale walikaa kwa sababu pako njiani kati ya kazini na nyumbani. Hapo baraza la Mji Mkongwe lina nguvu ambayo benchi la Dar halina. Baraza ni sehemu ya nyumba, limejengwa ukutani, na linakaliwa kwa ridhaa ya mwenye nyumba. Ndiyo maana naona anayeanza biashara hii kijiwe cha jioni akitafute ukutani mwa mtu anayemkubali, chini ya upenu wa duka linalofungwa saa kumi au kwenye ua wa gereji, na kuzunguka kwa asubuhi ndiko kuwe barabarani. Akifukuzwa asubuhi, anahamisha miguu tu.

Nimeacha hoja moja hadi Mombasa, kwa sababu Mombasa ndiko inakoonekana vizuri. Kaskazini ya Fort Jesus, ngome waliyoijenga Wareno kuanzia mwaka 1593, Mji wa Kale una kahawa tungu yake, kali, inayonywewa kwa tende au halua, na waliokaa wakiinywa ni wanaume karibu wote. Mtu atauliza kwa haki: hiyo biashara unayoisifu imemfungia nje nusu ya dunia, na miongoni mwa wanawake wamo wanaochukia upweke kuliko wanaume. Sina jibu la kulifungua baraza kwa maneno. Najibu kwa kipimo kilekile cha dakika, kwa sababu kipimo hakikuwa cha kahawa. Msusi wa nywele humshika mteja mmoja saa tatu au nne, kichwa kikiwa mikononi mwake, na mtu aliyeshikwa kichwa hana la kufanya ila kusema. Ana wenzi tele na vichwa vichache. Mpaka hina yuko hivyo, na siku ya harusi nyumba nzima humzunguka. Lakini kwa anayetaka vyote viwili, naona mfano bora uko vichochoroni kuanzia alasiri, kwa wanawake wanaokaanga viazi karai, bajia na mihogo milangoni mwao.

Karai halina viti, na ndiyo maana mwanzoni linaonekana kama biashara ya kusimama na kuondoka. Kinachomweka mteja pale ni kusubiri. Kiazi kilichochemshwa huchovywa kwenye uji mzito wa unga wenye manjano, kinaingia mafutani, kinageuzwa, kinatoka baada ya dakika tatu nne. Mikono ya mpishi ina kazi, macho yako kwenye mafuta, lakini mdomo uko huru, na waliosimama wamezungukana kwa sababu ya harufu na joto lilelile. Dakika hizo ndizo baraza lake. Muuzaji mwenye pupa huona foleni akaingiwa na hofu, akaanza kukaanga sinia zima mapema ili watu wafike na kupewa papo hapo. Anauza haraka zaidi siku mbili tatu. Kisha viazi vya mwishoni vinapoa na kulegea, vinasusiwa, na wateja waliokuwa wakifika dakika kumi kabla ya njaa sasa wanatuma mtoto na sarafu. Anayeijua kazi hukaanga vichache vichache, kumi na mbili kwa mkupuo, karai likiwa na nafasi ya kutosha ili mafuta yasipoe, na hukubali watu wanne watano wasimame wakimsubiri. Ukitaka kujua ni yupi kati ya hao wawili umemfikia, usitazame bei wala ukubwa wa kiazi. Tazama kama waliokwisha kupewa karatasi yao ya viazi wameondoka, au bado wamesimama palepale wakila, wakiwa wamegeukia karai.